Bosi anasema stoo iko sahihi kwa asilimia 99, mbona wateja wanakosa mali?

*"Shikamoo mwalimu. Natunza stoo ya duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Morogoro. Mwezi uliopita tulihesabu mali yote, bosi akasema tuko sahihi kwa zaidi ya asilimia 99 kwa kuwa upungufu kwa fedha ni mdogo. Lakini kila wiki mteja analipia kitu dukani, akija stoo hakipo. Usahihi unapimwaje? Na tofauti ipi niifuatilie, ipi niiache? Nikisema nizifuatilie zote sitafanya kazi nyingine."*

Marahaba, mwanangu. Asilimia ya bosi wako si ya uongo, ila inajibu swali la mhasibu: mali iliyopo ina thamani gani ukiilinganisha na iliyoandikwa? Mteja aliyelipia koki hana haja na thamani ya stoo nzima. Anataka koki ile ile, kwa idadi ile ile, mahali kompyuta inaposema ipo. Stoo inaweza kumridhisha mhasibu na ikamwangusha mteja siku hiyo hiyo.

Nakuwekea mistari minane, kama ingekuwa karatasi yako ya kuhesabia. Bei ni za mfano tu.

| Bidhaa | Bei | Kitabu | Hesabu | Tofauti | Kwa shilingi |
|---|---|---|---|---|---|
| Nondo 12 mm | 24,000 | 400 | 388 | -12 | -288,000 |
| Nondo 10 mm | 17,000 | 300 | 312 | +12 | +204,000 |
| Saruji, mfuko | 16,000 | 620 | 620 | 0 | 0 |
| Misumari inchi 4, kilo | 3,500 | 500 | 496 | -4 | -14,000 |
| Rangi nyeupe, ndoo | 60,000 | 45 | 45 | 0 | 0 |
| Kufuli | 12,000 | 36 | 33 | -3 | -36,000 |
| Koki nusu inchi | 6,000 | 240 | 252 | +12 | +72,000 |
| Skrubu, pakiti | 4,000 | 150 | 149 | -1 | -4,000 |

Ukijumlisha safu ya mwisho na kuacha ziada zifute upungufu, unabaki na upungufu wa shilingi 66,000. Thamani ya kitabu ya mistari yote ni 31,542,000, kwa hiyo kosa ni kama asilimia 0.2, na usahihi unasomeka 99.8. Hiyo ndiyo hesabu ya bosi wako. Sasa usiruhusu ziada ifute upungufu, kila tofauti ihesabike kuwa kosa: unapata 618,000, karibu asilimia 2, usahihi unashuka hadi 98. Mwisho, acha fedha kabisa uhesabu mistari. Iliyolingana ni saruji na rangi tu. Miwili kati ya minane ni asilimia 25.

Karatasi ni moja, stoo ni moja, na majibu ni matatu. Kipimo cha mtunza stoo ni hicho cha mistari: mistari iliyokubalika, gawa kwa mistari iliyohesabiwa, zidisha kwa 100. Na mstari maana yake ni bidhaa pamoja na mahali pake. Koki zikikutwa zote ila kwenye rafu nyingine, mstari umekosa, kwa sababu kijana uliyemtuma atarudi mikono mitupu na mteja ataambiwa zimekwisha.

Usiogope namba ikitoka ndogo. Mwaka 2008 watafiti Nicole DeHoratius na Ananth Raman walichapisha matokeo ya kukagua kumbukumbu karibu 370,000 katika maduka 37 ya rejareja huko Marekani, na asilimia 65 ya kumbukumbu hizo hazikulingana na mali iliyokuwepo. Wale walikuwa na kompyuta na mashine za kusoma misimbo. Namba ndogo ya kweli itakuonesha pa kuanzia, ila ile 99.8 haikuoneshi kitu.

Umeona nimesema "mistari iliyokubalika", sikusema iliyolingana kabisa. Hapo ndipo unapoingia ukomo wa kukubali: tofauti kubwa kiasi gani bado tutasema mstari uko sawa?

Wengi huanzia kwenye viwango vilivyozoeshwa na chama cha Kimarekani cha wataalamu wa uzalishaji na stoo kilichojulikana kama APICS: asilimia 0.2 kwa bidhaa za kundi A, zile chache zinazobeba thamani kubwa. Asilimia 1 kwa kundi B, zile za katikati. Asilimia 5 kwa kundi C, zile nyingi za thamani ndogo. Si vibaya kuanzia hapo, lakini usivibandike ukutani kabla ya kuvijaribu kwenye mali yako. Asilimia 0.2 ya nondo 400 haifiki hata nondo moja, maana yake ukomo ni sifuri. Asilimia 5 ya vitasa 10 ni nusu kitasa, hapo pia ni sifuri. Ila asilimia 5 ya viungio 3,000 ni viungio 150, gunia zima linaweza kutoka na mstari ukasoma "sawa". Kwa sababu hiyo mimi huweka vitu viwili pamoja, asilimia na kikomo cha fedha, na kinachotangulia kuguswa ndicho kinachotawala.

Zaidi ya bei, uliza kitu kinahesabiwaje. Kitu kinachohesabika kimoja kimoja kwa mkono, kama nondo, mifuko, ndoo, kufuli au mabati, ukomo wake ni sifuri hata kikiwa cha bei ndogo. Hakuna sababu ya kawaida inayofanya ndoo 45 ziwe 44. Pakiti za skrubu naweza kuziachia mbili kwa sababu hupasuka na kumwagika, na hiyo ni kawaida inayojulikana. Kitu kinachopimwa kwa mzani au kwa futi, hicho ndicho kinachohitaji ukomo wa kweli, na ukomo huo usiubuni mezani. Upime.

Tuchukue misumari. Kwanza pima mzani wenyewe. Chukua katoni moja isiyofunguliwa, ipime mara tano, kila mara uishushe na kuipandisha upya. Ikisoma kilo 25.0, 25.1, 24.9, 25.0, 25.1, unajua mzani unayumba kwa gramu 100 kila upande. Kisha simama dukani saa moja umtazame anayepima rejareja. Anamimina hadi mshale ufike kilo moja, unapita kidogo, naye haondoi msumari uliozidi. Mwombe mteja anayefuata kifuko chake kirudi mzanini: gramu 1,015. Gramu 15 hazimuumizi mtu, lakini ukiuza kilo 200 kwa mtindo wa kilo moja moja umetoa kilo 3 ambazo hakuna risiti inayozijua.

Hapo kuna jambo ambalo halielezwi vya kutosha. Upungufu wa namna hii hautokani na kiasi kilichobaki stoo. Unatokana na kiasi kilichopita mikononi tangu hesabu iliyotangulia. Kama misumari kilo 200 imeuzwa kwa kupimwa, upungufu wa kilo 4 unaeleweka: kilo 3 za kumiminia, na inayobaki ni mzani na misumari iliyoanguka sakafuni. Kama tangu hesabu iliyopita zimeuzwa kilo 20 tu, kilo 4 hazielezeki hata kama kwa salio la kilo 500 bado ni chini ya asilimia 1. Kwa vitu vya mzani na vya kukatwa, weka ukomo kama asilimia ya mauzo ya kipindi. Kwa misumari yako ningeanza na asilimia 2 ya kilo zilizouzwa kwa rejareja, kisha nirekebishe baada ya hesabu tatu au nne.

Kwa ukomo huo, tukichukulia zimeuzwa zile kilo 200, misumari inakubalika, na skrubu inakubalika. Mistari minne kati ya minane ni asilimia 50. Hiyo ndiyo namba ningeipeleka kwa bosi, nikiweka ile 99.8 pembeni yake ili aone zote mbili. Ukitumia Excel, kitabu kikiwa safu ya B, hesabu safu ya C, na ukomo kwa idadi safu ya D, kila mstari upewe 1 au 0:

```
=IF(ABS(C2-B2)<=D2,1,0)
```

Wastani wa safu hiyo mara 100 ndio usahihi wako. Ukihesabu mistari 40 na mwezi huu ukapata 34, mwezi ujao 32, usiitishe kikao: mistari miwili katika 40 inaweza kuwa bahati ya mistari iliyochaguliwa. Ishuke miezi mitatu mfululizo, hapo kuna jambo.

Sasa tofauti ya kufuatilia. Mstari kukosa hakuna maana kwamba lazima ufanyiwe uchunguzi, na mstari kukubalika hakuna maana kwamba haufanyiwi kamwe. Ni maamuzi mawili, na stoo nyingi huchoka kwa sababu zimeyafanya kuwa moja.

Kabla ya lolote, hesabu tena. Mtu mwingine, si yule wa kwanza, na asioneshwe namba ya kitabu. Nimeona watu waaminifu kabisa wakihesabu 388, wakitazama karatasi imeandikwa 400, wakarudi kwenye rundo na "kuziona" zile 12. Karatasi ya kuhesabia iwe na jina la bidhaa, mahali na kipimo, basi. Kipimo kiandikwe wazi: koki moja moja au boksi? Tofauti nyingi hufia hapo hapo kwenye hesabu ya pili, na ikifia hapo kosa ni la mhesabuji, kitabu hakikukosa.

Zilizobaki, zipitishe kwenye ukomo wa pili, wa kuchunguza, ambao ni wa fedha. Uupate kwa gharama ya uchunguzi wenyewe: watu wawili wakitumia saa tatu kufukua delivari noti na risiti, duka limelipa kiasi gani? Tuseme kwenu inakuja shilingi 30,000. Tofauti ya chini ya hapo, bila kujali ni ziada au upungufu, rekebisha kitabu, andika kwenye daftari la tofauti, endelea. Kwenye karatasi yetu misumari na skrubu zinaishia hapo. Nondo, koki na kufuli zinavuka. Hizo tatu nakwenda nazo moja moja, kwa sababu kila moja ina ugonjwa wake.

Nondo: 12 zimepungua, 12 zimezidi, kwenye bidhaa mbili zinazolala jirani. Ukiona namba zinazotazamana kama kwenye kioo, usianze kumtafuta mwizi. Mteja alilipia nondo 12 za milimita 10 akapakiwa za milimita 12, au mzigo ulipopokelewa ziliandikwa kinyume. Namna ya kutofautisha ni kurudi kwenye rundo. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa karibu kilo 10.7, ya milimita 10 karibu kilo 7.4. Toa chache kwenye rundo la milimita 10 uzipime. Ukikuta nzito humo, zimechanganyika tu na hakuna kilichopotea, zirudishe kwake. Zote zikiwa nyepesi kama inavyotakiwa, basi nzito zilishatoka, na duka limetoa tofauti ya 7,000 kwa kila nondo, shilingi 84,000. Kabla ya kuifunga hesabu hiyo, tazama noti ya kupokelea, maana kama muuzaji alileta 12 pungufu za milimita 12 na 12 zaidi za milimita 10, ninyi hamkutoa chochote, mlilipia kisichofika. Tiba ni rangi: paka ncha za nondo za milimita 12 rangi moja na za milimita 10 nyingine siku zinaposhuka kwenye lori.

Koki: ziada ya 12. Watu hufurahia ziada, nami huiogopa kuliko upungufu, kwa sababu ziada karibu daima ina mwenyewe. Ama mzigo umepokelewa na haujaingizwa kwenye kompyuta, ama mteja amelipa na hajachukua. Kompyuta nyingi za madukani hukata stoki risiti inapotoka, si mali inapotoka. Kwa hiyo siku ya hesabu chukua risiti zote zilizolipwa ambazo hazina saini ya mtunza stoo ya kutolea. Ukikuta ya koki 12, tofauti imekwisha: kitabu kiko sahihi, mali iko sahihi, ila zimetazamwa kwa saa mbili tofauti. Usirekebishe kitu. Ukiongeza 12 kitabuni ili "zilingane", mteja akija kesho kuchukua zake umeshatengeneza upungufu wa 12 ambao haukuwepo. Nilifanya kosa hilo hasa nikiwa kijana, kwenye ghala moja la vipuri. Niliingiza marekebisho ya ziada ya mistari zaidi ya 30 kwa usiku mmoja, na wiki mbili baadaye tukawa tunamtafuta mwizi wa mali ambayo wenyewe walikuwa wameichukua kihalali. Kijana mmoja alisimamishwa kazi kwa ajili hiyo kabla hatujagundua. Alirudishwa, lakini hakunisalimia tena, na alikuwa na haki.

Mali iliyolipiwa na haijachukuliwa itengewe eneo lake, chora mstari sakafuni, na siku ya hesabu isihesabiwe pamoja na rafu. Nakuambia hili kwa mkazo kwa sababu nadhani nusu ya malalamiko ya wateja wako yamejificha hapo: mali ya Juma aliyelipa jana inakaa rafuni, anakuja Asha aliyelipa leo anapewa ile, kisha Juma anafika hakuna kitu.

Kufuli: upungufu wa tatu, shilingi 36,000. Kwa fedha umevuka ukomo kwa kidogo tu, na hata zingekuwa mbili, 24,000, bado ningefuatilia. Kufuli ni kitu kidogo, kinaingia mfukoni, kinauzika popote, na kinahesabika bila shida. Vitu vya namna hiyo, pamoja na swichi, mita, visu vya grinda na biti za kuchimbia, viandikie orodha yao, na humo ukomo wa kuchunguza ni kitu kimoja. Lakini anza na daftari la tofauti kabla ya kumtazama mtu. Kama hesabu iliyopita ilikuwa pungufu mbili, na ya kabla yake pungufu moja, upungufu unakwenda upande mmoja na unakua. Makosa ya kuandika huwa yanayumba, mara ziada mara upungufu. Mali inayotoka bila karatasi hupungua tu. Angalia pia kama kuna kufuli zilizochukuliwa kwa matumizi ya duka lenyewe, maana mara nyingi nimekuta "wizi" umefungwa kwenye mlango wa choo cha wafanyakazi.

Daftari hilo ndilo pia linaloweza kuurudisha mezani mstari uliokubalika. Misumari ikipungua kilo 4, kisha 3, kisha 4, kisha 5, kila mara ndani ya ukomo, jumla imefika kilo 16, shilingi 56,000, na ukomo wa kuchunguza umevukwa. Rudi dukani ukaangalie mzani na mkono unaomimina.

Uchunguzi uwe na mwisho. Unarudi nyuma hadi hesabu ya mwisho iliyokuwa sawa kwa bidhaa hiyo, huvuki hapo. Pitia mapokezi, matoleo, marejesho, uhamisho wa kwenda tawi, zilizovunjika. Usipopata, andika "sababu haijapatikana", rekebisha kwa saini ya bosi, funga. Lakini mkihesabu mara moja kwa mwaka, kurudi nyuma ni miezi 12 ya karatasi, na hakuna mtu atakayepata kitu humo. Chagua bidhaa 20 zinazotembea sana, uzihesabu kila Jumatatu asubuhi kabla mlango haujafunguliwa. Tofauti ikitokea imezaliwa ndani ya siku saba, karatasi ni chache, na aliyetoa mali bado anakumbuka. Lengo la hizo 20 ni kukuonesha makosa yanazaliwaje. Ukishaziba, anza kuzungusha hesabu kwenye mali nyingine.

Na kwa wale wateja wanaolipia kisichokuwepo, ongeza zoezi moja dogo ambalo halisubiri Jumatatu. Kila jioni chapisha orodha ya bidhaa ambazo kompyuta inasema zimebaki chache, tuseme tano au pungufu, uzipitie kwa miguu. Kuhesabu vitu vitatu ni dakika moja. Kisha pita kwenye rafu zilizo tupu, uulize kompyuta inasema zina ngapi. Rafu tupu yenye salio la 14 kwenye kompyuta ndiyo inayomuuzia mteja hewa, na haitajirekebisha yenyewe, kwa sababu mfumo hauagizi kitu unachoamini kipo.